"Anayetangulia hupata zaidi": zaidi ya nani?

Mwanafunzi akishautatua mchezo wa Stackelberg wa kampuni mbili, ambamo kampuni huamua kiasi cha kuzalisha kwa zamu, huuvamia wa kampuni tatu na sentensi moja mdomoni: anayetangulia lazima apate faida kubwa kuliko ambayo angeipata kama wote wangeamua kwa wakati mmoja, kwa mtindo wa Cournot. Nimeisahihisha sentensi hiyo mara nyingi mno. Zikiwa kampuni mbili ni kweli, zikiwa tatu si kweli, na hesabu yenyewe haijazi hata nusu ukurasa.

Tuseme kuna wazalishaji watatu wa chumvi. Bei ya tani, kwa maelfu ya shilingi, ni P = 100 − Q, ambapo Q ni tani za wote watatu. Kila tani humgharimu mzalishaji 20, kwa hiyo humwachia faida ya 80 − Q. Wa kwanza anaamua kiasi chake, q1, wa pili anakiona ndipo anaamua q2, wa tatu anaviona vyote viwili ndipo anaamua q3.

Tunaanzia mwisho. Faida ya wa tatu ni q3 × (80 − q1 − q2 − q3). Namba mbili zenye jumla isiyobadilika huzidishana kufikia kilele zikiwa sawa, basi q3 = (80 − q1 − q2)/2: anachukua nusu ya kilichobaki. Sasa mrudie wa pili. Analijua jibu la wa tatu, hivyo faida yake ni q2 × (80 − q1 − q2)/2. Ile 2 ya chini inaipunguza faida lakini haikisogezi kilele, kwa hiyo naye anachukua nusu: q2 = (80 − q1)/2. Wa kwanza anabaki na q1 × (80 − q1)/4, na kilele chake ni tani 40.

Matokeo: tani 40, 20 na 10. Jumla ni 70, bei 30, faida kwa tani 10. Faida zao ni 400, 200 na 100.

Wangeamua kwa wakati mmoja, kila mmoja angezalisha 20, bei ingekuwa 40, na kila mmoja angepata 20 × 20 = 400. Rudia kuisoma namba hiyo. Wa kwanza ameuza mara mbili ya tani za Cournot na hajaongeza hata shilingi. Ametangulia ili apate kilekile. Akiingia wa nne mambo yanaharibika zaidi: anayetangulia anapata 200, wakati Cournot ya wanne ingempa 256.

Hapo huja utetezi: "Si angechagua tu zile 20 za Cournot, apate zake 400?" Hawezi, na hapa ndipo watu wanaponichosha. Katika mchezo wa wawili, ukichagua kiasi cha Cournot mfuasi naye hujibu kwa kiasi cha Cournot. Hapa wa pili si mfuasi tu, ni kiongozi wa wa tatu. Ukizalisha 20, yeye anachukua nusu ya 60, yaani 30, na wa tatu 15. Faida kwa tani inashuka hadi 15, nawe unaambulia 300. Kwa hiyo 40 ndilo chaguo bora kwa aliyetangulia, lakini mlango wa Cournot umeshafungwa.

Kosa la hesabu linalofanana na jibu. Ukipata q2 = q3 = 13.33 na faida ya wa kwanza 533, umetatua mchezo mwingine, wa kiongozi mmoja na wafuasi wawili wanaoamua pamoja. Umeichukulia q3 kuwa haibadiliki ulipotafuta kilele cha wa pili. Weka jibu la wa tatu ndani ya faida ya wa pili *kwanza*, kilele baadaye.

"Wa mwisho ananufaika kwa sababu ameona kila kitu." Amepata 100 badala ya 400. Kuona hakumsaidii, kwa sababu wenzake wanajua kwamba ataona na wanajua atajibu nini.

"Kutangaza kunatosha." Hakutoshi. Wenzake wakishaweka 20 na 10, kinachomfaa zaidi wa kwanza si 40 tena, ni 25, na kingempa 625. Kama anaweza kupunguza baadaye, nao wanalijua hilo, hawatajibana kwa ajili ya tangazo lake. Ndiyo maana naagiza kila mara: kabla ya kugusa kalamu, uliza kama kiasi cha wa kwanza kinaonekana na kama hakirudi nyuma. Chumvi iliyokwisha kuvunwa na kupakiwa ni kiasi. Barua ya nia ya kuvuna siyo.