Namba ya mwanachama iliyogeuka Desemba: dhana potofu na ukweli kuhusu Excel

Chukua chama cha akiba cha waendesha boda pale Busia. Rejista iko kwenye Excel: safu moja ina namba ya mwanachama, kwa mfano 3/12, yaani kundi la tatu, mtu wa kumi na mbili. Safu ya pili ina namba ya simu inayoanza na 256. Mhazini anaandika 3/12, anabonyeza Enter, anaona 03-Dec. Anaandika simu, anaona 2.567E+11.

Dhana: Nikibadilisha fomati ya seli iwe Text, 3/12 yangu itarudi.

Hairudi. Ukifanya hivyo kwa 3/12 iliyoandikwa mwaka 2025, utaona 45994. Seli ikiwa General, fomati ya kawaida ya Excel, programu hukisia maana ya ulichoandika pale unapobonyeza Enter. Kitu chenye sura ya tarehe hukihifadhi kama hesabu ya siku, ambapo 1 Januari 1900 ni siku ya 1. Kwa hiyo ndani ya seli hamna tena 3/12. Kuna 45994 iliyovalishwa sura ya Desemba, na Text inakuonyesha tu kilichobaki.

Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Marekani itasoma 3/12 kuwa 12 Machi. Na namba kama 14/25 haiguswi kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 14 wala wa 25. Ndiyo maana kosa hili huchelewa kuonekana: nusu ya rejista iko sawa, nusu imekuwa kalenda. Dalili ya haraka ni upande: kabla hujapanga safu mwenyewe, maandishi hukaa kushoto mwa seli, tarehe na namba hukaa kulia.

Kinga inatangulia kuandika. Chagua safu nzima, weka Text, kisha andika. Kwa seli moja moja, anza na ritifaa: `'3/12`. Alama hiyo haionekani kwenye seli na haihesabiki kuwa sehemu ya namba. Kwenye Google Sheets, nenda Format, Number, Plain text.

Kama imeshaharibika, weka safu mpya pembeni:

```
=TEXT(A2,"d/m")
```

Iwapo kompyuta iliyotumika ilisoma kwa Kimarekani, andika `"m/d"`. Zile za aina ya 14/25 zitapita bila kuguswa. Nakili matokeo, yabandike kama Values, halafu linganisha na kitabu cha karatasi kabla ya kufuta safu ya zamani.

Dhana: 2.567E+11 maana yake namba ya simu imepotea.

Bado haijapotea. General huonyesha tarakimu 11 tu; 256 na zile tisa zinazofuata ni 12, basi inafupisha. Kupanua safu hakusaidii. Chagua Number, ondoa desimali, namba yote itaonekana. Kikomo cha kweli ni tarakimu 15: namba ya akaunti yenye 16 ikiandikwa kwenye General, ya mwisho inageuzwa sifuri na hairudi kwa fomati yoyote.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye CSV, faili ambalo vyama vingi hupakia ili kulipa watu wengi kwa mpigo. Excel ikihifadhi CSV huandika kinachoonekana, siyo kilichomo. Seli inayosomeka 2.567E+11 itaandikwa hivyohivyo, na ikifunguliwa tena ni 256700000000. Wote ambao simu zao zilifupishwa kuwa 2.567E+11 wamekuwa mtu mmoja. Rudi kwenye faili la .xlsx, sahihisha safu kwanza, kisha hifadhi CSV upya na uikague kwa Notepad.

Dhana: Nikishaweka Text, CSV itakumbuka.

CSV haina mahali pa kuweka fomati. Ukiibofya mara mbili, Excel inakisia upya, na 0700 inapoteza sifuri yake. Fungua kwa Data, From Text/CSV, kisha chagua `Do not detect data types`.

Dhana: Kuna swichi moja ya kuzima yote.

Tangu 2023 Excel mpya zina File, Options, Data, sehemu ya Automatic Data Conversion. Humo unaweza kuzuia kufutwa kwa sifuri za mbele, kufupishwa kwa namba ndefu, na E katikati ya tarakimu kusomwa kisayansi. Ila swichi ya tarehe inahusu herufi na namba zilizoungana, kama DEC1. Mkwaju wa 3/12 haumo, kwa hiyo safu hiyo bado inahitaji Text kabla ya mwanachama wa kwanza kuandikwa.