“Mwisho wa Siku” Ni Saa Ngapi?

Tuseme msimamizi wa mjengo hapa Nairobi amewaambia vibarua: “Pesa zimechelewa, lakini mwisho wa siku kila mtu atalipwa.” Saa kumi na moja jioni wameshanawa saruji miguuni, wanangoja. Naye hakukusudia jioni. Alikusudia kwamba hatimaye watalipwa, iwe wiki hii au ijayo.

Maana hiyo ya pili imetoka Kiingereza kwa njia tunayoiita tafsiri mkopo, au kalki. Neno likikopwa zima huja na sauti yake, kama redio na benki. Katika tafsiri mkopo sauti huachwa nyuma: kila kipande cha usemi wa kigeni hutafutiwa mwenzake wa Kiswahili, kisha vipande hupangwa kwa sarufi yetu. Vita baridi ilipatikana hivyo. Kiingereza hutanguliza ubaridi, sisi tukatanguliza vita.

Ugumu huja pale kipande kimoja kinapokuwa na maana mbili kwao. Kiingereza kina neno moja la kitu kilicho huru na kitu kisicholipiwa. Aliyetuundia soko huria alichagua vyema. Angeandika “soko la bure”, mtu angeelewa kwamba Marikiti sukuma wiki inagawiwa tu.

Lakini mbona vita baridi haikutusumbua, na mwisho wa siku inatusumbua? Naona jibu liko kwa msikilizaji. Akisikia vita baridi, maana ya wazi haimwingii akilini, kwa sababu vita havipimwi joto, basi hutafuta maana nyingine. Mwisho wa siku tayari kuna maana yake kwetu, nayo ni jioni. Msikilizaji akishaipata hiyo haendelei kutafuta, wala hajui kwamba amekosea.

Ndiyo maana nawaomba wanaotafsiri matangazo na mikataba wamsomee usemi mtu asiyejua Kiingereza, kisha wamwombe aueleze kwa maneno yake. Wasimuulize kama ameelewa, maana atasema ndiyo. Akieleza jambo tofauti na lililokusudiwa, usemi huo haufai pale, hata kama redioni unasikika kila siku.

Tahadhari moja: kufanana peke yake hakuthibitishi mkopo. Tunasema mguu wa meza, na Waingereza nao huipa meza miguu, lakini yeyote aonaye meza imesimama anaweza kufikia picha hiyo bila kufunzwa na jirani.

Yule msimamizi angesema “hatimaye mtalipwa”, vibarua wangemuuliza papo hapo: lini? Angesema “jioni”, wangekuwa na haki ya kumdai jua likizama.