Bitiruti, kitunguu saumu na magnesiamu: vinashusha presha kwa kiasi gani?

Mimi ni mfamasia. Maswali haya ninayapata dirishani na kwenye simu, mengine kutoka kwa watu ambao tayari wameshaacha dawa. Nimeanza na hao.

Swali: Baba yangu ana miaka 61. Jumapili usiku alimeza amlodipini kwa mara ya mwisho, Jumatatu akaanza juisi ya bitiruti kila asubuhi. Jumanne mashine ilisoma 138 kwa 86, naye anasema amepona. Ni kweli?

Hapana. Arudie kidonge chake leo, kimoja kwa siku kama alivyoandikiwa, wala asimeze viwili kufidia alivyoruka.

Amlodipini hutoka mwilini polepole sana. Baada ya kidonge cha mwisho hupita kati ya saa 30 na 50 kabla hata nusu yake haijaondoka kwenye damu, na presha hurudi ilikokuwa taratibu, kwa muda unaokaribia wiki. Kwa hiyo Jumanne ile baba yako alikuwa bado na dawa ya kutosha mwilini. Mashine ilikuwa inasoma kazi ya kidonge, sifa akapewa bitiruti. Halafu kuna saa ya kupima: juisi anakunywa saa moja asubuhi na mashine anaivaa saa nne, na hapo ndipo nguvu ya bitiruti inapofika kileleni.

Binti huyu nilimwomba anitumie vipimo. Mzee alisita kurudia dawa, akaendelea kupima kila asubuhi kabla ya juisi. Alhamisi alipata 147 kwa 90, Jumamosi 155 kwa 93, na Jumanne iliyofuata 162 kwa 96. Kadi yake ya kliniki ya kabla ya kuanzishiwa dawa ilikuwa imeandikwa 164 kwa 98. Siku ileile ya 162, saa tatu baada ya kunywa juisi, mashine ilisoma 155. Ukiziangalia namba hizo utaona kwamba juisi ilifanya kitu, ila ilifanya kidogo na kwa saa chache tu. Mzee mwenyewe alipoziona zimeandikwa kwenye karatasi alirudia dawa, na juisi hakuiacha.

Amlodipini angalau huondoka kwa upole. Wanaotumia atenololi, propranololi au klonidini wasijaribu kabisa kuacha ghafla, maana presha na mapigo ya moyo vinaweza kupanda kwa kishindo. Na mtu yeyote mwenye presha akipooza upande mmoja, mdomo ukaenda upande, maneno yakamtatiza au kifua kikambana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Msisubiri kumkamulia chochote.

Swali: Kwani bitiruti ina nini ndani yake?

Ina naitreti nyingi. Ukiinywa, naitreti huingia kwenye damu, kisha sehemu yake hurudi mdomoni kupitia mate. Bakteria wanaoishi juu ya ulimi huigeuza kuwa naitraiti, unaimeza, na mwilini inakuwa oksidi ya naitriki, ile inayolegeza kuta za mishipa ya damu. Ndiyo maana mtu anayesukutua kwa dawa ya kuua vijidudu vya mdomo anaweza kunywa juisi lita nzima na asipate faida yake: amewaua wafanyakazi.

Mwaka 2008, watafiti wa London waliwapa watu wenye afya njema nusu lita ya juisi. Namba ya juu ilishuka kama 10 ndani ya saa tatu hivi. Mwaka 2015 wakajaribu kwa wagonjwa 64 wa presha, mililita 250 kila siku kwa wiki nne. Nusu yao walipewa juisi ileile iliyoondolewa naitreti, ili pasiwe na anayejua amepewa ipi. Waliokunywa ya kweli walishuka karibu 8 kwenye namba ya juu, na wiki mbili baada ya kuacha presha yao ilikuwa imerudi palepale. Majaribio mengine yaliyofuata mara nyingi yalipata mshuko mdogo kuliko huo.

Ninachokitafuta mimi na sijakiona ni jaribio la miaka linaloonyesha kwamba wanywaji wa bitiruti walipata kiharusi kidogo kuliko wengine. Dawa za presha zina ushahidi huo. Kidonge kimoja cha kawaida hushusha karibu 9 kwenye namba ya juu, mchana na usiku, na tunajua kwamba kinapunguza viharusi.

Mkojo au choo chekundu baada ya juisi kisikutishe, ni rangi ya bitiruti. Mwenye figo dhaifu asiinywe kila siku bila kumwambia daktari, kwa sababu ina potasiamu nyingi. Aliyewahi kupata mawe ya figo naye ajihadhari, kwani ina oksaleti. Mwenye kisukari asiiongezee sukari wala asali.

Swali: Mimi nameza punje mbili za kitunguu saumu kila asubuhi, nzimanzima kama vidonge. Inatosha?

Kwa namna hiyo unapata kidogo mno. Kile chenye harufu kali, alisini, hakimo ndani ya punje nzima. Hutengenezwa pale unapoiponda au kuikatakata, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana vikakutana. Kimoja kati ya hivyo ni kimeng'enya, nacho huharibiwa na moto, na asidi ya tumbo nayo hukiua. Kama unakipenda, kiponde, kiache dakika kumi hivi, ndipo ukitie kwenye mboga.

Majaribio yenye matokeo mazuri, hata hivyo, kwa sehemu kubwa hayakutumia kitunguu cha sokoni. Yalitumia vidonge vya kitunguu kilicholowekwa miezi mingi hadi kikabadilika, na humo alisini karibu imekwisha. Kinachofanya kazi ni kitu kingine. Kwa watu wenye presha ya juu, vidonge hivyo vilishusha namba ya juu kwa takriban 8. Namba hiyo ni nzuri, ila majaribio mengi yalikuwa madogo, ya miezi miwili au mitatu, na baadhi yaligharamiwa na watengenezaji wa vidonge. Kwa hiyo naamini kuna kitu pale, lakini siwezi kukuahidi kwamba punje zako mbili ndizo zile zilizopimwa.

Kitunguu saumu kingi hufanya damu ichelewe kuganda. Kama unatumia wafarini, au aspirini ya kila siku, mwambie anayekutibu. Na kama umepangiwa upasuaji, acha vidonge vya kitunguu angalau wiki moja kabla. Kile cha kwenye mchuzi hakina shida.

Swali: Niliuziwa kopo la magnesiamu, wakasema presha inatokana na upungufu wake. Niendelee?

Kwa wengi haitokani na hilo. Majaribio 34 ya magnesiamu, yenye watu wapatao 2,000 kwa jumla, yalipojumlishwa mwaka 2016, wastani wa mshuko ulikuwa 2 kwenye namba ya juu, na chini kidogo ya 2 kwenye ya chini. Ukipima presha mara mbili mfululizo bila kunyanyuka kitini, tofauti ya vipimo hivyo viwili huenda ikazidi hapo. Wenye upungufu wa kweli hunufaika zaidi, kwa mfano aliyeharisha muda mrefu au anayetumia omeprazoli kwa miaka, lakini hao hupimwa, hawabahatishi. Kwa wengine wote, mchicha, maharage, karanga na ugali wa dona vina magnesiamu, na bei yake ni ndogo kuliko ya kopo.

Ukivuka miligramu 350 kwa siku za vidonge, utakachokiona kwanza ni kuharisha. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse, maana figo zikishindwa kuitoa hulundikana na inaweza kuudhoofisha moyo na pumzi. Na hili nawaomba mnaotumia TLD, kidonge cha VVU, mlishike: magnesiamu hunasa dolutegraviri iliyomo ndani yake ikiwa bado tumboni, dawa isiingie kwenye damu. Meza TLD saa mbili kabla ya magnesiamu, au saa sita baada yake. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu nazo ni vilevile. Pale dirishani naliuliza hili kwa sauti ya chini, na mara nyingi mteja hakuwa ameambiwa.

Swali: Na choya je?

Choya, yaani rosela, ina ushahidi wa kiasi. Katika jaribio moja vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita vilishusha namba ya juu kwa 7, huku kinywaji cha kulinganishia kikishusha 1 tu. Hiyo ilikuwa choya isiyo na sukari, si ile tunayoijaza sukari vijiko vitano kwa jagi.

Swali: Kuna chochote kisicho kidonge kilichothibitishwa kupunguza kiharusi chenyewe?

Kipo, na hakitangazwi sana: chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Ilijaribiwa katika vijiji 600 vya Uchina, nusu vikipewa chumvi hiyo na nusu vikibaki na ya kawaida, kwa karibu watu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na kuendelea wakiwa na presha. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Baada ya takriban miaka mitano, namba ya juu ilikuwa imeshuka kwa kama 3 tu, lakini viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Tofauti yake na juisi ni kwamba chumvi ile ililiwa katika kila mlo, kila siku, kwa miaka. Mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia spironolaktoni, asiitumie. Anayetumia losatani au enalaprili aulize kwanza apimwe potasiamu.

Swali: Nataka kunywa bitiruti huku naendelea na dawa. Nitajuaje kama inanisaidia?

Wiki ya kwanza usinywe. Pima asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, ukiwa umekwenda haja ndogo, umekaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, na uandike zote. Jioni rudia. Siku ya kwanza iache, siku sita zilizobaki tafuta wastani.

Kisha kunywa mililita 250 kila siku kwa wiki nne, dawa zikiwa zilezile, na wiki ya nne pima tena vilevile, kabla ya juisi. Kama mshuko wa wastani haufiki 5, usiuhesabu. Kama umeshuka 5 au zaidi, nenda na karatasi kliniki. Na ikiwa namba ya juu inashuka chini ya 100, au unaona kizunguzungu ukisimama, nenda mapema: hapo daktari ndiye atakayeamua kama dawa ipunguzwe, na ipi ianze.