Ufahamu wa kusikiliza kwa wageni wanaojifunza Kiswahili: dhana nne potofu

Moshi na Arusha hazikosi wageni wanaojifunza Kiswahili, na walimu wengi huwasomea kifungu wao wenyewe bila kutumia redio wala simu. Tuchukue kifungu kimoja cha darasa la mwanzo, chenye maneno 60 hivi:

"Mama Neema yuko sokoni Mbuyuni. Anatafuta ndizi za mtori. Anamwuliza muuzaji: Mkungu huu bei gani? Muuzaji anajibu: Elfu kumi. Mama Neema anasema: Punguza kidogo, dada. Nina elfu nane. Muuzaji anasema: Haya, chukua. Lakini kaa kwanza, tuzungumze. Mama Neema anajibu: Siku nyingine, dada. Wageni wanakuja mchana, na ndizi bado hazijamenywa. Saa nne asubuhi Mama Neema anapanda daladala kurudi nyumbani Majengo."

Dhana: Hadithi nzuri yoyote ya kitabuni inafaa kusomwa.

Kitabuni tunaandika "Elfu kumi," alijibu muuzaji, na jicho linajua msemaji kabla ya kufika mwisho wa mstari. Sikio halina jicho la kuliongoza. Linasikia bei kwanza, mwenye bei baadaye, na msomaji ni mwalimu mmoja mwenye sauti moja. Ndiyo maana hapo juu msemaji anatajwa kabla ya maneno yake kila mara, na jina la Mama Neema linarudiwa pale ambapo mwandishi wa kitabu angelikwepa. Ukishaweka hivyo, huna haja ya kuigiza sauti nyembamba na nene.

Bei nazo zimechaguliwa. "Elfu kumi na mbili" sokoni ni 12,000, hakuna anayebisha, lakini mgeni anayeandika 10,002 amefuata maneno vilevile yalivyotamkwa. Ukimkosoa, umemkosoa kwa jambo ambalo hukukusudia kulipima. Kwa wanaoanza tumia elfu nane au elfu kumi, mtego huo uufundishe siku yake.

Dhana: Ukisoma neno moja moja, polepole, wataelewa zaidi.

Wataelewa maneno, watapoteza sentensi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ndio unaomwambia msikilizaji neno linaishia wapi. Ukitamka ha-zi-ja-me-nywa kwa silabi zinazolingana uzito, umeiondoa alama hiyo. Soma kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida, kisha refusha vituo: "Wageni wanakuja mchana / na ndizi bado hazijamenywa / saa nne asubuhi..." Weka mikwaju hiyo kwenye karatasi yako kwa penseli kabla ya kipindi, maana bila hiyo usomaji wa pili hautafanana na wa kwanza.

Dhana: Swali gumu ni lile lenye msamiati mgumu.

Ugumu unatoka kwenye kazi anayopewa msikilizaji. Swali la kwanza: Mama Neema anatafuta nini? Jibu limetamkwa waziwazi, ni kulidaka tu. La pili: Analipa shilingi ngapi? Hapa bei ni mbili, na hakuna sentensi inayosema "analipa elfu nane". Lazima ashike zote mbili, kisha aelewe kwamba "Haya, chukua" ni kukubali. Anayeandika 10,000 amesikia namba ila hakufuata mapatano. La tatu: Kwa nini hakai kuzungumza? Sababu haikutajwa kama sababu. Mwanafunzi aiunganishe mwenyewe na wageni wa mchana na ndizi ambazo hazijaandaliwa. Maneno ya maswali yote matatu ni mepesi.

Panga maswali kwa mfuatano wa kifungu, hata kama la mwisho lingekuwa jepesi zaidi. Kisha mpe mwalimu mwenzako maswali bila kifungu. Akipatia jibu kwa kubahatisha, swali hilo lifutwe. "Mama Neema ananunua ndizi wapi?" lenye chaguo la soko, hospitali na benki halipimi masikio ya mtu yeyote.

Dhana: Swali la saa ni rahisi, ni namba tu.

Mgeni anayeandika "4" huenda anajua kwamba saa nne asubuhi ni 10:00 katika saa yake, huenda anadhani ni alfajiri. Jibu hilo haliwatenganishi. Chora saa mbili za mishale ubaoni, moja ya 10:00 na nyingine ya 4:00, za kawaida kama anazovaa mkononi, achague. Atakayechagua ya 4:00 amesikia vizuri sana; kilichombwaga ni hesabu ya saa, na dawa yake si kumsomea kifungu mara ya tatu.