Mkataba unaojihuisha: maana yake Ujerumani, na milango miwili ya kutokea

Nyumbani kifurushi kikiisha kimeisha. Umeme unanunua kwa tokeni, simu unaweka vocha, king'amuzi usipokilipia picha inakatika na hakuna anayekudai. Ndiyo maana wengi wetu tunaokuja Ujerumani kusoma au kufanya kazi tunanaswa na jambo ambalo wenyeji wanalijua tangu ujana: mkataba ambao siku yake ya mwisho ikifika hauishi. Unaendelea, na akaunti inaendelea kukatwa, kwa sababu tu mteja hakusema neno.

Huo ndio mkataba unaojihuisha. Siku ya kusaini mteja anakuwa amekubali kwamba baadaye ukimya wake utahesabiwa kuwa ni ndiyo. Jimu, simu, intaneti ya nyumbani, magazeti, programu za kujifunza lugha, vyote huuzwa hivi. Si haramu. Sheria inachouliza ni kwamba ukimya huo unaweza kukufunga kwa muda gani.

Dada mmoja muuguzi, anayeishi Leipzig, aliniletea karatasi za jimu yake mwezi Mei 2024. Alikuwa amesaini kaunta, mbele ya mhudumu, tarehe 1 Juni 2023. Mkataba wa miezi 12, euro 35 kwa mwezi. Ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba mkataba utaongezeka miezi 12 mingine kama mteja hatausitisha miezi mitatu kabla ya mwisho, kwa barua yenye saini ya mkono. Yeye alituma barua pepe tarehe 10 Mei. Jimu ikamjibu: umechelewa, barua pepe haitambuliki, kwa hiyo tuko pamoja mpaka tarehe 31 Mei 2025. Hesabu yake ni euro 420, na alikuwa tayari amehamia zamu za usiku, hana hata saa ya kwenda huko.

Alikuwa ameshakubali kulipa. "Kaka, si nilisaini mwenyewe?" Nilimwomba asubiri tusome tena mstari ule, kwa sababu kusaini sharti hakulifanyi kuwa halali. Ujerumani ina kifungu cha 309 katika kitabu cha sheria za kiraia, kile kinachoitwa BGB, ambacho kinaorodhesha masharti yasiyo na nguvu yakiwekwa kwenye vigezo na masharti vilivyochapwa tayari kwa ajili ya wateja wote. Zamani kifungu hicho kilivumilia nyongeza ya mwaka mzima na taarifa ya miezi mitatu, na mkataba uliofungwa zama hizo unaweza kuwa bado unafuata mtindo huo. Kwa mikataba iliyofungwa kuanzia tarehe 1 Machi 2022 mambo ni mengine. Muda wa mwanzo hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Taarifa ya kuumaliza haiwezi kudaiwa mapema kuliko mwezi mmoja kabla ya mwisho. Na mkataba ukijihuisha, unaruhusiwa kuendelea bila ukomo tu, huku mteja akiwa huru kuusitisha wakati wowote kwa taarifa isiyozidi mwezi mmoja. Bima ziko nje ya kanuni hii. Mtu asiitumie kwa bima ya gari.

Sasa rudi kwenye karatasi ya dada yetu. Nyongeza ya miezi 12 haina nguvu. Miezi mitatu haina nguvu. Hata saini ya mkono haina nguvu, maana tangu tarehe 1 Oktoba 2016 masharti ya aina hii hayawezi kumdai mteja zaidi ya maandishi ya kawaida, na barua pepe ni maandishi.

Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hawalijui, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Hakimu wa Ujerumani akikuta sharti la namna hii halirekebishi. Hasemi, "basi tulipunguze kutoka miezi 12 hadi mwezi mmoja." Analifuta lote, kana kwamba halikuandikwa, na panabaki sheria ya kawaida. Kwa kuwa bila sharti hilo hakuna kitu kinachouongeza mkataba, mkataba wa jimu ulikuwa unakufa wenyewe tarehe 31 Mei 2024, hata kama asingetuma barua pepe yoyote. Laiti jimu ingeandika sharti halali, barua pepe ya dada yetu ya tarehe 10 Mei ingekuwa imechelewa kidogo kwa mwisho wa mwezi huo, na angefungwa hadi tarehe 10 Juni. Siku kumi zaidi. Kati ya siku kumi na mwaka mzima ndipo zilipo euro zile 420.

Tulimwandikia jimu barua fupi ya kutaja kifungu cha 309 namba 9 na namba 13, na tarehe ya mwisho wa mkataba. Walithibitisha baada ya wiki moja, bila maelezo.

Kabla ya kuja kwangu alikuwa ameshauriwa na rafiki kwamba "hapa kila mkataba una siku 14 za kurudisha." Kauli hiyo imewaumiza wengi, na inatokana na kuchanganya milango miwili. Mlango wa kwanza ni kughairi. Hapo mteja anautengua mkataba kana kwamba haukufungwa, ndani ya siku 14, bila kutoa sababu. Mlango wa pili ni kusitisha: mkataba ulikuwepo, ulikuwa halali, na unamalizika kuanzia tarehe fulani mbele.

Siku 14 za kughairi hazipo kwa kila mkataba. Zimewekwa kwa anayenunua mtandaoni, kwa simu, au kwa muuzaji aliyemfuata mlangoni au barabarani, kwa sababu mtu huyo hakupata nafasi ya kuona kitu au kufikiri bila kubanwa. Ukiingia jimu kwa miguu yako na kusaini kaunta, siku hizo huna, isipokuwa mwenye jimu amekupa kwa hiari yake kwenye mkataba. Ukijiunga na jimu ileile kwa simu yako ukiwa kitandani, unazo. Ukiwa na chaguo, jiunge mtandaoni.

Kwa huduma, siku zinahesabiwa tangu mkataba kufungwa, ila muuzaji awe amekueleza vizuri haki hii. Asipokueleza, dirisha linabaki wazi hadi miezi 12 na siku 14. Na kughairi lazima kusemwe. Kuacha kwenda, au kuzuia malipo tu, hakuhesabiki. Angalia pia tofauti ya namna muda unavyohesabiwa. Barua ya kughairi inatosha kuwa imetumwa ndani ya siku 14, hata ikifika siku ya 16. Barua ya kusitisha haihesabiwi mpaka imfikie mwenye kampuni. Mtu akiiweka posta siku ya mwisho kwenye mlango wa pili, amechelewa.

Swali linalofuata huwa ni hili: mkataba ukijihuisha, je, siku 14 zinaanza upya? Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu tarehe 5 Oktoba 2023, katika shauri la huduma ya masomo mtandaoni iliyoanza na majaribio ya bure kisha ikageuka ya kulipia. Jibu ni kwamba haki ya kughairi ni moja, pale mwanzoni. Inapatikana mara ya pili tu ikiwa mteja, alipochukua majaribio ya bure, hakuambiwa waziwazi kwamba baadaye atatozwa. Kwa hiyo ukiona neno bure, piga picha ya ukurasa huo kabla ya kubonyeza. Picha hiyo ndiyo itakayoonyesha kama bei ilitajwa au ilifichwa.

Kuhusu taarifa ya kukumbushwa, usiingoje. Kampuni za simu na intaneti zinalazimika kumjulisha mteja kwa maandishi, kwa wakati, kwamba mkataba unakaribia kujihuisha na lini anaweza kuumaliza; hii ni kwa sheria ya mawasiliano iliyoanza tarehe 1 Desemba 2021, ambayo pia inampa mteja wa simu haki ya kutoka kwa taarifa ya mwezi mmoja baada ya kujihuisha, hata kama mkataba ni wa zamani. Jimu au gazeti halina wajibu huo. Kalenda ya simu yako ndiyo taarifa yako, na iweke wiki sita kabla, maana barua inahitaji nafasi ya kufika.

Njia rahisi ya kusitisha siku hizi ni kitufe. Tangu tarehe 1 Julai 2022, kampuni inayouza mikataba ya aina hii kwenye tovuti yake lazima iweke kitufe kilichoandikwa "Verträge hier kündigen" au maneno ya wazi kama hayo. Ukikibonyeza unapata ukurasa wa kujaza jina, mkataba unaohusika na tarehe unayotaka, kisha kitufe cha pili: "jetzt kündigen". Kinafanya kazi hata kama wewe ulisaini kaunta, ilimradi mkataba kama huo unauzwa pia kwenye tovuti. Mara moja unatakiwa kupata uthibitisho wenye siku na saa ya kupokelewa, na tarehe mkataba utakapoisha. Kitufe kisipokuwepo ilhali kinatakiwa, sheria inamruhusu mteja kusitisha wakati wowote bila kungoja muda wa taarifa.

Makosa mawili nayaona kila mwaka kwa wanafunzi wanaomaliza na kurudi nyumbani. La kwanza ni kudhani kwamba kuhama kunavunja mkataba. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua tarehe 4 Mei 2016 kwamba mwanachama wa jimu aliyehamishwa kikazi hapati kwa sababu hiyo haki ya kutoka kabla ya wakati. Kuhama ni jambo lililo mikononi mwa mteja. Ugonjwa wa kudumu unaokuzuia kufanya mazoezi ni habari nyingine. La pili ni kuiambia benki irudishe pesa iliyokatwa. Benki itarudisha, una wiki nane za kuomba, lakini deni linabaki palepale. Linakwenda kwa wakusanya madeni na gharama zao, na linaweza kuingia kwenye rekodi ya Schufa, kampuni inayotunza kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa madeni, ambayo mwenye nyumba ataitazama siku utakaporudi kutafuta chumba.

Ukiwa na karatasi mkononi na huna hakika, kila jimbo kati ya majimbo 16 lina kituo cha watumiaji, Verbraucherzentrale. Kwenye tovuti zao kuna barua za mfano za bure, na mshauri atasoma mkataba wako kwa ada. Nenda na mambo matatu: tarehe ya kusaini, mahali uliposaini, na ukurasa ule wenye herufi ndogo.