Ankara imekuja na bei isiyo ya kotesheni: namna ya kumwandikia msambazaji

Bei ya ankara ikipishana na ya kotesheni, mara nyingi aliyetengeneza ankara hajaiona kotesheni yenyewe. Ofisa mauzo ndiye aliyekupa bei. Mzigo ulipotoka ghalani, mtu mwingine kabisa alifungua mfumo, akachagua bidhaa, na mfumo ukajaza bei iliyomo siku hiyo. Kwa hiyo barua yako itasomwa na mtu asiyejua mlichokubaliana. Ukimwandikia kwa hasira, au ukimwambia tu kwamba "bei si ile tuliyoongea", hana pa kuanzia. Ataipeleka kwa ofisa mauzo, nayo italala huko.

Hapa nazungumzia hali moja inayojirudia sana: kotesheni ilikuwa hai ulipotoa oda, ila mzigo na ankara vilikuja baada ya muda wake kwisha, na bei imepanda katikati.

Tuchukue mfano. Kotesheni ni ya tarehe 3 Machi, inasema bei ni 4,500 kwa katoni bila kodi, na ni halali kwa siku 30, yaani hadi 2 Aprili. Oda ya katoni 150 imetumwa 28 Machi. Mzigo umefika 9 Aprili pamoja na ankara yenye bei ya 4,860 kwa katoni. Ukipiga simu, jibu la kwanza litakuwa kwamba kotesheni ilishapitwa na wakati. Jibu hilo linachanganya tarehe mbili. Muda wa kotesheni ni muda wa kuikubali, na wewe uliikubali ulipotuma oda, siku tano kabla haijaisha. Siku ya kupokea mzigo haibadilishi bei iliyokwisha kukubaliwa, isipokuwa kama nyaraka zenyewe zinasema hivyo.

Na hapo ndipo pa kutazama kwa makini kabla hujaandika neno lolote. Soma maandishi madogo chini ya kotesheni. Kukiwa na sentensi kama "bei itakuwa ile ya siku ya kupeleka mzigo" au "bei zinaweza kubadilika bila taarifa", hoja yako imedhoofika sana, na barua inayofaa ni ya kuomba nafuu, si ya kupinga. Kisha tafuta uthibitisho wa oda, ile karatasi au barua pepe ambayo msambazaji hutuma baada ya kupokea oda. Kama uliandikwa 4,860, ukanyamaza na ukapokea mzigo, msambazaji ana haki ya kusema alikupa bei mpya nawe ukairidhia. Ukimya huo ndio unaowaangusha wengi, maana uthibitisho huingia kwenye barua pepe ya mtu wa manunuzi na mhasibu hauoni.

Hakikisha pia kwamba tofauti ni ya bei kweli. Kotesheni inaweza kuwa haina kodi na ankara ikaonyesha bei yenye kodi ndani. Inaweza kuwa bei ya 4,500 ilitolewa kwa anayechukua katoni 200 au zaidi, nawe umechukua 150. Au kipimo kimebadilika: katoni ya vipande 12 badala ya 10. Linganisha namba ya bidhaa kwenye karatasi zote, usitegemee jina lake tu.

Ukiridhika, piga hesabu ya tofauti mpaka mwisho, pamoja na kodi. Tuseme kodi ni asilimia 10. Tofauti kwa katoni ni 360, mara 150 ni 54,000. Kodi juu yake ni 5,400. Kwa hiyo ankara imezidi kwa 59,400: inadai 801,900 badala ya 742,500. Kosa la kawaida ni kudai 54,000 na kusahau kodi iliyotozwa juu ya ziada hiyo. Ukifanya hivyo vitabu vyako na vyao havitalingana, na salio dogo litaendelea kuonekana kwenye taarifa ya akaunti kila mwezi.

Barua yenyewe iwe fupi, na iombe krediti noti, yaani hati ya msambazaji inayopunguza deni la ankara. Mwandikie mhasibu, nakala kwa ofisa mauzo aliyesaini kotesheni, kwa sababu mmoja ana uwezo wa kurekebisha na mwingine ndiye shahidi wa bei. Hivi ndivyo ningeiandika:

"Ndugu Mhasibu,

Yah: Tofauti ya bei kwenye ankara Na. 0417 ya 9 Aprili

Tumepokea ankara iliyotajwa hapo juu kwa katoni 150. Mzigo umefika kamili na hatuna tatizo nao.

Ankara imetoza 4,860 kwa katoni. Kotesheni yenu Na. 118 ya 3 Machi, halali hadi 2 Aprili, ilikuwa 4,500. Tuliikubali kwa oda Na. 62 ya 28 Machi, ambayo imetaja kotesheni hiyo na bei hiyo. Ziada ni 54,000, na pamoja na kodi ni 59,400.

Tunaomba mtutolee krediti noti ya 59,400 dhidi ya ankara hii kabla ya 23 Aprili. Kiasi kisicho na mgogoro, 742,500, tutakilipa kwa tarehe yake ya kawaida.

Tumeambatisha kotesheni, oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara.

Wako,"

Sentensi ya kwamba mzigo hauna tatizo si ya adabu tu. Inafunga mlango wa mjadala wa ubora au idadi, ili jambo moja tu libaki mezani. Ombi nalo ni moja, lina kiasi na tarehe. Ukiandika "tunaomba mlifanyie kazi suala hili", utajibiwa kwamba linafanyiwa kazi.

Kuhusu malipo, lipa sehemu isiyobishaniwa kwa wakati, baada ya barua kufika, na kwenye maelezo ya malipo andika namba ya ankara pamoja na tarehe ya barua. Ukilipa pungufu bila barua, mfumo wao utakuhesabu kama mdaiwa aliyechelewa, na mzigo unaofuata unaweza kuzuiwa. Ukizuia ankara nzima kwa ajili ya 59,400, umewapa sababu ya kukulaumu wewe. Ukilipa yote huku ukingoja kurejeshewa, suala halina haraka tena kwa upande wao.

Wakikuahidi kwamba watakupunguzia kwenye oda ijayo, kataa kwa upole na uombe krediti noti. Punguzo la baadaye haliifuti ziada iliyomo kwenye ankara hii, wala kodi iliyotozwa juu yake, na ofisa aliyeahidi anaweza kuhamishwa. Wengine watapendekeza kuifuta ankara na kutoa mpya. Hilo linakubalika, mradi ya kwanza ifutwe kwa maandishi. Bila hivyo utajikuta na ankara mbili za mzigo mmoja, zote zikidai.

Krediti noti ikifika, itazame kabla ya kuiweka kwenye faili. Itaje ankara 0417, ionyeshe 54,000 na 5,400 kwa mistari tofauti, na sababu yake iandikwe kuwa marekebisho ya bei. Ikiandikwa kuwa ni bidhaa zilizorudishwa, irudishe isahihishwe: ghala lao litaanza kutafuta katoni ambazo hukurudisha, na idadi ya mzigo wako kwenye kumbukumbu zao itakuwa pungufu.