Eskare huanza chini ya ngozi: kuigundua mapema na kumgeuza mgonjwa kitandani

Juma la pili baada ya koko mmoja wa miaka 71 kupatwa na kiharusi, binti yake aliniita nyumbani kwao Kadutu, hapa Bukavu. Aliniita kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi hakikuwa kizito, lakini nilipoomba tumgeuze koko ili nisikilize mapafu, niliona juu ya mfupa wa mkia doa lenye upana wa sarafu kubwa, jeusi kidogo kuliko ngozi ya pembeni. Binti akasema: “Ni matela tu imemushika, muganga. Nitamupaka mafuta, itaisha.”

Doa hilo ndilo mwanzo wa kidonda cha mgandamizo, ambacho wengi wetu tunakiita eskare. Mtu akilala muda mrefu bila kujigeuza, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo inafungwa, damu haipiti. Nyama iliyo karibu na mfupa huumia kabla ya ngozi. Ndiyo maana doa unaloliona leo linaweza kuwa la mbano wa siku mbili au tatu zilizopita, na ngozi inayoonekana nzima inaweza kuwa imefunika jeraha.

Vitabu vingi vinasema utafute wekundu: bonyeza kwa kidole, ukiachilia ngozi ikawa nyeupe kisha ikarudia rangi yake, damu bado inapita, ikibaki nyekundu vilevile, hiyo ni hatua ya kwanza. Kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi kipimo hicho kinatudanganya, kwani weupe huo mara nyingi hauonekani. Tumia mkono zaidi ya macho. Mpeleke karibu na dirisha au ufungue pazia, uweke mgongo wa mkono wako juu ya doa, kisha juu ya ngozi ya pembeni. Kwa koko palikuwa na joto kuliko pembeni, na nilipogusa kwa vidole palikuwa pagumu, kama ndizi ambayo haijaiva. Kwa mgonjwa mwingine panaweza kuwa pabaridi na teketeke. Muulize pia kama panauma, ingawa aliyepooza huenda asisikie kitu. Tulimlaza ubavu na kungoja nusu saa tukiongea. Alama ya kawaida ya kulalia ingekuwa imefifia. Hii haikufifia.

Kama haishughulikiwi, hatua ya pili ni ngozi ya juu kuchubuka au kutoa lengelenge la maji. Ukiangalia unaona kidonda chekundu, kilicholowa, kisicho na shimo. Hatua ya tatu ni shimo linalofika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ya nne inafika kwenye msuli au mfupa. Kuna pia doa la zambarau iliyokolea, kama mvilio wa damu: hilo linaonyesha nyama ya ndani imeshaumia, na linaweza kufunguka hata ukianza kumtunza vizuri leo. Familia nyingi hapo hujilaumu kwa jambo lililoanza siku kadhaa nyuma.

Turudi kwa koko. Mafuta nilimwachia binti ayapake miguuni na mikononi. Juu ya doa nilimkataza kabisa kusugua, kwa sababu kusugua kunazidi kurarua mishipa iliyokwisha kuumia. Nilimwomba pia aondoe ule mduara wa mpira aliokuwa amemkalisha juu yake. Unaonekana kama unapumzisha katikati, kumbe ukingo wake unabana ngozi pande zote na kukata njia ya damu.

Kisha tukapima godoro. Ingiza mkono chini yake, kiganja kikitazama juu, usawa wa makalio ya mgonjwa aliyelala. Ukiusikia mfupa wake karibu na vidole, sponji iliyobaki kati yenu haifiki upana wa vidole viwili, basi godoro limekwisha kazi. La koko lilikuwa hivyo katikati. Hawakuwa na pesa ya jingine, kwa hiyo tuliligeuza ili makalio yasikae tena palipochakaa.

Kumgeuza kwenyewe kuna namna yake. Ukitaka alale akielekea kulia, simama upande wake wa kulia, kunja goti lake la kushoto, weka mkono wake wa kushoto juu ya kifua ukiushikilia chini ya kiwiko (huo uliopooza usiuvute, bega litateguka), halafu mshike begani na kwenye nyonga umlete kwako. Usimlaze ubavu kamili, maana mfupa wa nyonga nao utabeba uzito wote. Mrudishe kidogo aegemee mto, au kikwembe kilichokunjwa mara kadhaa, nyuma ya mgongo hadi makalio: mwinamo wa digrii 30, yaani theluthi ya pembe mraba. Hapo pitisha kiganja chini ya mfupa wa mkia. Kikipita bila kubanwa, umemweka vizuri. Weka mto kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie visiguse kitu.

Akiteleza kuelekea miguuni, msimburute. Watu wawili washike kikwembe kilichotandikwa chini yake, kila mmoja upande wake, wamwinue. Kuburuta huacha ngozi nyuma huku mfupa ukienda mbele. Kumwinua kichwa sana kunafanya hivyohivyo polepole, kwa hiyo baada ya kula na mapumziko mafupi tulimrudisha chini ya digrii 30.

Ratiba tuliiandika kwenye karatasi ukutani. Mgongoni hapana, mpaka doa liishe. Mchana, kila baada ya saa 2: saa 12 asubuhi kulia, saa 2 kushoto, saa 4 kulia, na kuendelea. Kushoto, upande asiousikia, tulikubaliana kumwangalia ngozi kila anapogeuzwa. Usiku binti alikuwa peke yake na anaamka kwenda sokoni, kwa hiyo tulipanga saa 4, saa 7 na saa 10 alfajiri. Muda wa saa 3 kwa godoro lile ni mrefu. Tulikubali kwa sharti kwamba asubuhi doa likionekana limepanuka, mjukuu atachukua zamu moja. Nguo zikilowa mkojo zibadilishwe papo hapo, ngozi ioshwe kwa maji na ikaushwe kwa kugusagusa. Kwenye chakula, nilitaka sambaza, maharagwe au yai kila siku. Bugali peke yake haujengi nyama.

Siku ya tatu joto lilikuwa limeondoka na pagumu pamelegea. Siku ya saba rangi ilikaribia ya pembeni. Lakini siku ya nne lengelenge lilitokea kisigino cha kushoto: usiku mto ulikuwa umesogea hadi chini ya kifundo, kisigino kikalalia godoro. Hatukulipasua. Tulilifunika kwa kitambaa safi kisichonata, tukaufunga mto kwa kitenge usisogee. Lingepasuka, tungelisafisha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa nusu lita, bila maji ya oksijene, bila majivu, bila unga wa vidonge vya antibiotiki vilivyofunguliwa. Harufu mbaya, usaha, joto linalosambaa pembeni, homa, au shimo lolote linaloonyesha mafuta au mfupa, hayo si ya kutibiwa nyumbani. Ni ya kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lengelenge lilikauka baada ya siku kumi na kitu. Karatasi bado iko ukutani, na saa 7 ya usiku sasa ni zamu ya mjukuu.